Kikorea: 가요, 갔어요, 가세요 au 가셨어요? Dhana potofu na ukweli

Ukishazoea kusoma herufi za Hangul, zoezi la kwanza la sarufi utakalopewa huwa ni la kujaza nafasi: sentensi imeachwa wazi mwishoni, kitenzi kimewekwa kwenye mabano kama kilivyo kwenye kamusi, na kazi yako ni kukinyambua. Tuchukue 가다, yaani kwenda. Majibu yanayotarajiwa kwa anayeanza ni manne: 가요 (kayo), anakwenda, 갔어요 (kassoyo), alikwenda, 가세요 (kaseyo), anakwenda, kwa heshima, na 가셨어요 (kashossoyo), alikwenda, kwa heshima. Ni manne tu, lakini watu hukosea vibaya, na ukichunguza makosa yao utaona yanatokana na dhana chache zilezile.

Dhana: 세요 ni 요 iliyoongezwa adabu

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mwanafunzi anaamini kuna ngazi: 가 ni ya rafiki, 가요 ni ya mtu wa kawaida, 가세요 ni ya mkubwa. Basi akiongea na mwalimu anapachika 세요 kwenye kila kitenzi, hata anapojisema mwenyewe.

Ukweli ni kwamba viambishi hivi viwili vinawatazama watu wawili tofauti. 요 inamtazama unayeongea naye; hiyo ni adabu kwa msikilizaji. 시 (shi), ambayo imejificha ndani ya 세요 na 셨어요, inamtazama mtenda, yaani yule anayefanya jambo linalotajwa. Hiyo ni heshima kwa mtenda. Wakati mwingine msikilizaji na mtenda ni mtu mmoja, kama unapomuuliza mwalimu anakwenda wapi, na ndiyo maana viambishi hivi huonekana kama kitu kimoja.

Watenganishe watu hao uone. Mtoto akimwambia mdogo wake kwamba bibi ameondoka, atasema 할머니 가셨어. Heshima ipo kwa ajili ya bibi, lakini 요 haipo, kwa sababu anayeambiwa ni mdogo wake tu. Mtoto huyohuyo akimwambia mwalimu kwamba mdogo wake ameondoka, atasema 동생이 갔어요. Sasa 요 imekuja kwa ajili ya mwalimu, na 시 haina kazi kwa sababu aliyeondoka ni mdogo. Mtu akishaielewa mifano hii miwili, nusu ya makosa yake hukoma.

Kutokana na hapo, 저는 가세요 ("mimi ninakwenda", kwa heshima) haisemwi kamwe. Mtu hajiheshimu mwenyewe kwa 시, awe na cheo gani. Kosa hili hujitokeza zaidi kwenye mazungumzo ya namna hii, ambamo 가 na 나 za mwanzo wa mistari ni alama za wasemaji tu:

가: 선생님, 지금 어디에 가세요?
나: 도서관에 ______. (가다)

Mstari wa kwanza unamuuliza mwalimu anakwenda wapi sasa. Wa pili unajibu kwamba anakwenda maktaba. Wengi huandika 가세요, kwa sababu macho yamekwishaiona juu na kwa sababu anayejibu ni mwalimu. Kwetu sisi kosa hilo lingekuwa gumu kutokea: kitenzi cha Kiswahili humtaja mtenda mwanzoni kabisa, "unakwenda" kisha "ninakwenda". Kitenzi cha Kikorea hakina kiambishi cha nafsi, na mara nyingi mtenda hatajwi popote kwenye sentensi. Kabla ya kujaza, jiulize: ni nani anayekwenda? Mwalimu anajisema mwenyewe, kwa hiyo jibu ni 가요.

Hata Wakorea wenyewe huikosea mipaka ya 시. Kwenye migahawa ya kahawa utasikia 커피 나오셨습니다, yaani kahawa yako imetoka, lakini kwa kitenzi kilichobeba heshima, kana kwamba kahawa ni mzee wa mtu. Mhudumu anataka kumheshimu mteja, ila mtenda wa kitenzi hicho ni kahawa. Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea imekuwa ikieleza kwamba usemi huo si sahihi. Inatakiwa 커피 나왔습니다. Ukiusikia Seoul usiulete kwenye daftari lako.

Dhana: 세요 ni amri

Inatokana na masomo ya kwanza, ambako kila mtu hujifunza 앉으세요, "karibu uketi". Amri ya adabu ni matumizi mamoja tu ya umbo hilo. 어디 가세요? ni swali, na 할머니께서 신문을 읽으세요 ni taarifa tu: bibi anasoma gazeti. Kinachoamua ni muktadha na sauti inavyopanda au kushuka.

Dhana: wakati uliopita wa heshima ni 갔 pamoja na 세요

Hapa ndipo yanapozaliwa maumbo kama 갔으세요 na 읽었으세요. Mwanafunzi anajua 갔 ni wakati uliopita, anajua 세요 ni heshima, anaviunganisha. Fikra yake si mbaya, lakini mpangilio ameupindua.

Kwa Kikorea vyote hivi hukaa baada ya mzizi, na kila kimoja kina zamu yake: kwanza heshima, kisha wakati, mwisho adabu. Kiswahili hutuzoesha kutanguliza wakati (a-li-som-a, "li" kabla ya "som"), na huenda hilo linachangia mkono kuwahi kuandika wakati. Tazama 읽다, kusoma, hatua kwa hatua. Mzizi ni 읽. Kwa kuwa unaishia na konsonanti, heshima huja na irabu ya kuisaidia: 으시. Wakati uliopita ni 었. Adabu ni 어요. Ukiviweka sambamba unapata 읽 + 으시 + 었 + 어요, na 시 ikigusana na 었 huungana kuwa 셨. Jibu: 읽으셨어요. Kwa 가다 mzizi hauna konsonanti ya kufunga, basi 으 haihitajiki: 가 + 시 + 었 + 어요, 가셨어요.

Kwa nini basi wakati uliopo ni 세요? Kwa hesabu hiyohiyo, 시 + 어요 ingetoa 셔요, na kweli 셔요 ipo na ni sanifu. Ni vile tu mazungumzo ya kila siku yameegemea 세요. Hilo linakupa njia nyepesi ya kujikagua: 세 ya heshima haiingii kwenye wakati uliopita. Ukiona sentensi ina 어제 (jana) na wewe umeandika 세 mwishoni, rudi nyuma.

Dhana: baada ya 았 huja 아요

Wote tumefundishwa kwamba irabu ㅏ na ㅗ huita 아, na nyingine huita 어. Mwanafunzi makini anaifuata kanuni hiyo mara mbili na kuandika 갔아요 au 봤아요. Kanuni hutumika mara moja tu, palipo na mzizi. Baada ya 았 au 었 ni 어요 siku zote: 갔어요, 봤어요, 먹었어요.

Irabu inayoangaliwa nayo ni ya silabi ya mwisho kabla ya 다, si ya kwanza. 가르치다, kufundisha, ina 가 mwanzoni na ndiyo inayowachanganya watu. Inayohesabika ni 치, kwa hiyo 가르쳐요 na 가르쳤어요.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba heshima hukupunguzia kazi hii yote. 시 ikishaingia, hakuna tena kuchagua kati ya 아 na 어. 보다, kutazama, hutoa 봐요 na 봤어요 bila heshima, lakini kwa heshima ni 보세요 na 보셨어요, mzizi ukibaki ulivyo. 봐세요 haipo. Kitu cha kuangalia ni mwisho wa mzizi tu: konsonanti huongeza 으, isipokuwa ㄹ, ambayo hudondoka. 살다, kuishi, huwa 사세요 na 사셨어요. Vitenzi vyenye tabia zake, kama 듣다, kusikiliza (들으세요), utavijifunza kimoja kimoja.

Dhana: kila 시 ni ya heshima

마시다 ni kunywa, na 시 iliyomo ni sehemu ya mzizi. 동생이 우유를 마셨어요, mdogo wangu alikunywa maziwa, ni sentensi ya kawaida isiyo na heshima hata chembe, ingawa ina 셨. Heshima ya kunywa huchukua kitenzi kingine kabisa, 드시다, ambacho pia hutumika kwa kula. Vitenzi vya namna hiyo ni vichache: kulala, 자다, huwa 주무시다, kuwepo mahali, 있다, huwa 계시다. Hiki cha mwisho kina mtego: bibi yupo nyumbani ni 집에 계세요, lakini bibi ana muda ni 시간이 있으세요, kwa sababu hapo kilichopo ni muda wa bibi, si bibi mwenyewe.

Tujaze pamoja

어제 할머니께서 우리 집에 ①____ (오다). 할머니께서는 차를 ②____ (마시다). 저는 할머니 옆에서 책을 ③____ (읽다). 지금 할머니께서는 방에서 ④____ (자다).

Jana bibi alikuja nyumbani kwetu, akanywa chai, mimi nikasoma kitabu kando yake, na sasa amelala chumbani.

Kwenye ① 어제 inaonyesha wakati uliopita, na 께서, inayomtambulisha mtenda anayeheshimiwa badala ya 이 au 가, inadai 시. 오 + 시 + 었 + 어요: 오셨어요. Ila usiifanye 께서 kuwa sharti. Kwenye maongezi 할머니가 오셨어요 husikika kila siku, na heshima kwenye kitenzi inabaki.

② mtenda ni yuleyule na siku ni ileile, lakini kitenzi hubadilika: 드셨어요. Aliyeandika 마셨어요 amesimulia vizuri ila amemsahau bibi.

③ ndiyo nafasi inayowanasa wengi, kwa kuwa 할머니 imo kwenye sentensi. Imo kama mahali tu, "kando ya bibi". Mtenda ni 저, mimi. 읽었어요.

④ ina 지금, sasa, na mtenda amerudi kuwa bibi. Kitenzi ni 주무시다, na hapa watu huandika 주무시세요 wakidhani lazima waongeze heshima. 시 imekwishakuwemo ndani ya 주무시다, na haiwekwi mara mbili: 주무세요. Vivyo hivyo 드시다 hutoa 드세요, na 계시다 hutoa 계세요.