"Kwa ajili ya" ndo inayowaponza kwenye por na para

Jamani leo tena nimesahihisha insha ya Kihispania imeandikwa gracias para tu ayuda, yaani asante kwa msaada wako, af mwenyewe anabisha kabisa kwamba por ni "kwa" na para ni "kwa ajili ya", ndo alivyokariri. Achaneni na hiyo kanuni! "Kwa ajili ya" yetu inabeba lengo na inabeba sababu pia. Hela hizi ni kwa ajili ya kodi, hapo ni para el alquiler, ila nimechelewa kwa ajili ya mvua ni por la lluvia. Na shukrani siku zote ni gracias por, basi.

Ila kinachonikera zaidi ni kauli ya kutendea, ile ya kununulia, kupikia, kuandikia, maana humo ndo watu wanazama bila kujua. Chukua "nimemnunulia mama dawa". Kwetu sentensi imejitosheleza, wala hakuna wa kuuliza zaidi. Sasa ukitaka kumtaja mama kwa por au para, lazima uamue kwanza. He comprado la medicina para mi madre, dawa inaenda kwa mama, yeye ndo atakayeimeza. He comprado la medicina por mi madre, hapo mara nyingi mama ndo alipaswa kwenda dukani, akashindwa, nikaenda badala yake, na mgonjwa anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Au nimenunua kwa sababu yake, alinisisitiza mpaka nikakubali. Ni ipi kati ya hizo mbili? Mazungumzo ndo yatakuambia, sentensi yenyewe haisemi.

Kwenye kazi ndo balaa. Trabajo para mi hermano, kaka ndo bosi wangu. Trabajo por mi hermano, nimemshikia zamu yake, au najituma kwa sababu yake. Ukichanganya hapo hakuna atakayekusahihisha, kwa sababu sentensi zote mbili ni sahihi, ila msikilizaji anaondoka na habari nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, jiulize hiki kitu kinamfikia nani, au nimefanya kwa niaba ya nani, au nani kanisukuma. Kumfikia ni para, hizo nyingine por. Zamani hata waliandika pora, yaani por na a, na hiyo a ndo ileile ya kuelekea mahali, ndo maana para inatazama mbele.

Af kuna sehemu hii kanuni inanikatikia mkononi, vitabu vingi vinapita kimya. Luchar por sus hijos, yaani kupigania watoto wake, na esforzarse por ganar, kujitahidi kushinda, hayo si malengo? Ni malengo, na bado ni por. Unaweza kusema hamu ndo inayomsukuma mtu, mi mwenyewe huwa naeleza hivyo darasani, ila sijaridhika, kwa sababu ukienda kuchukua mkate Amerika ya Kilatini wanasema voy por pan, Hispania wengi wanasema voy a por pan, na mkate uko mbele yako kabisa, haujakusukuma popote. Vitenzi vya namna hii vishike na por yake pamoja, kimoja kimoja.