Kwa nini fomu ya saa za kazi husahaulika, na umwambie nini msimamizi?

"Kila Ijumaa najaza fomu ile ile, inakuwaje naisahau? Na nikishaisahau, nimwambie nini bosi?"

Ajabu ni kwamba mazoea hayasaidii sana hapa. Wanasaikolojia Gilles Einstein na Mark McDaniel, walioanza kuichambua kumbukumbu ya mambo yajayo mwaka 1990, walitofautisha namna mbili za kukumbuka. Kuna jambo linalokumbushwa na tukio: unamwona mwenzako, unakumbuka ujumbe wake. Na kuna linalotegemea saa tu: ikifika saa 11 jioni, tuma. Hili la pili mara nyingi ni gumu zaidi, kwa sababu hakuna kitu mbele ya macho kinachokushtua. Ni lazima wewe mwenyewe uchungulie saa, na Ijumaa jioni ndipo mtu amezama kumalizia kazi nyingine. Tena ukiijaza kila wiki, picha za wiki zilizopita huchanganyika, ukaapa kwamba ya safari hii umeshaituma.

Kwa hiyo "nilisahau" ni sababu ya kweli na inatosha kwa neno moja. Shida huanza mtu anapoipamba. Ukisema mtandao ulisumbua, mfumo wenyewe mara nyingi huonyesha lini fomu ilifunguliwa mara ya mwisho. Lakini kuna sababu moja ambayo msimamizi anahitaji kweli kuijua: kama fomu imekwama kwa kuwa huna uhakika na saa fulani, au unangoja mtu azithibitishe. Hapo yeye anaweza kusaidia. Katika kusahau, hana la kufanya ila kukusubiri.

Na anachosubiri ni kujua saa utakayoituma. Fomu yako haiishii mezani kwake: anaikagua, anaiidhinisha, kisha inakwenda kwa mhasibu wa mishahara, ambaye naye hufunga hesabu muda maalumu ili malipo yapelekwe benki. Jibu la "naileta sasa hivi" halimwambii kama utaiwahi hesabu hiyo au utaikosa.

Kupanga hiyo saa ndiko kunakowashinda wengi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34. Zikawachukua kama 55. Hata walipoambiwa wakadirie endapo kila kitu kingekwenda kombo, wastani haukufika siku 50. Mtu huhesabu muda wa kuandika, akasahau muda wa kungoja wengine.

Tuchukue mfano. Ni Jumatatu saa 3 asubuhi na fomu ya wiki iliyopita haijatumwa. Mhasibu anafunga saa 6 mchana. Kujaza ni nusu saa, hivyo ulimi unataka kusema saa 3:30. Lakini Jumatano ulibaki kazini saa 2 za ziada, na anayeweza kuzithibitisha yuko kikaoni hadi saa 4:30. Ukiongeza muda wa kumpata na wa kurekebisha, saa 5 ndiyo ahadi ya haki, nayo inamwachia msimamizi saa nzima ya kuidhinisha. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari za asubuhi bosi. Samahani, fomu yangu ya saa za wiki iliyopita niliisahau Ijumaa. Utaipata leo saa 5 kamili. Jumla ni saa 42: 40 za kawaida na 2 za ziada za Jumatano, ambazo nangoja zithibitishwe. Nisipopata jibu kufikia saa 5, nitatuma zile 40, na hizo 2 naomba ziingie malipo yajayo."

Jumla inatangulia fomu kwa makusudi: msimamizi anaweza kumpa mhasibu taarifa mapema. Usijaze saa 2 kwa kubahatisha ili tu uwahi. Ukiwa umesahau ulichofanya siku fulani, kalenda, barua pepe ulizotuma na daftari la getini vitakukumbusha kuliko kichwa chako.

Ripoti ya wiki ina nafuu kidogo, kwani aghalabu msimamizi huichanganya na za wengine kuandika yake. Mtumie kwanza mistari mitatu: kilichokamilika, kilichokwama, na anachotakiwa kuamua yeye. Maelezo yafuate alasiri.

Na ukiona saa 5 nayo haitawezekana, mwandikie saa 4:40, ukimpa saa mpya. Saa 5:10 atakuwa ameshaanza kukutafuta, na huenda ameshamwambia mhasibu akuache hadi awamu ijayo.