Mwanga Hauvuji Ukutani: Maana ya Neno Tunalolitumia Vibaya

Kuvuja kwa mwanga, kwa wanaotengeneza michezo ya kompyuta na picha za majengo, ni ule mng'ao unaoonekana ndani ya chumba cha giza, aghalabu kwenye kona au chini ya ukuta, ilhali chanzo cha mwanga kiko upande wa pili. Hutokea zaidi pale mwanga unapookwa, yaani unapokokotolewa mapema pamoja na miale inayodunda kutoka uso mmoja hadi mwingine, kisha matokeo yakahifadhiwa ili kompyuta isirudie hesabu hiyo kila fremu. Fasili yenyewe inaishia hapo. Ninaloandikia ni neno lenyewe, kwa kuwa wiki hii nimemsikia tena mtu akishauri kwamba idadi ya miale iongezwe mara nne ili ukuta usivuje, na mwenzake akakaa usiku mzima akisubiri kompyuta imalize kuoka kosa lile lile, safari hii likiwa limetakata vizuri zaidi.

Kitenzi kuvuja katika Kiswahili kina masharti yake. Paa huvuja kwa sababu lina tundu, na pakacha likivuja huwa nafuu kwa mchukuzi kwa sababu kilichomo kimepungua. Lazima pawe na upenyo, na lazima kitu kipite hapo. Hata wazungumzaji wa Kiingereza waliotupa istilahi hii waliwahi kuitumia kwa maana hiyo hiyo kamili. Waliotengeneza ramani za mchezo wa Quake, uliotoka mwaka 1996, walisema ramani inavuja pale ambapo kuta hazikufungana na palikuwa na tundu la kweli la kutokea nje, kwenye utupu. Programu ya kuunda ramani hizo, `qbsp`, iliandika faili la `.pts` lenye njia inayoongoza hadi kwenye tundu hilo, nawe ulichapa `pointfile` ndani ya mchezo ukaifuata mpaka ukaliona kwa macho. Hapo neno lilikuwa mahali pake. Baadaye neno lile lile likapewa tatizo la mwanga uliookwa, ambamo kwa kawaida hakuna tundu wala hakuna mwale uliopita, na tangu hapo watu wanatafuta tundu lisilokuwepo.

Tuchukue chumba kimoja tukipime. Sakafu ni bamba moja linaloanzia uani, kwenye jua, likapita chini ya ukuta na kuingia chumba kisicho na dirisha. Ukuta una unene wa sentimita 10 na umezamishwa kidogo sakafuni. Katika Unity, programu ya kutengenezea michezo, mwanga uliookwa huhifadhiwa kwenye picha iitwayo ramani ya mwanga, iliyogawanywa katika vigae vidogo viitwavyo tekseli. `Lightmap Resolution` imewekwa 4, maana yake kila mita ya sakafu imegawiwa tekseli nne, na kila tekseli ina upana wa sentimita 25. Mwanga wa uani tuuite 100, wa chumbani tuuite 0. Programu ya kuoka hupima mwanga katikati ya kila tekseli, nayo hupima kwa usahihi: kitovu kilicho uani kinapata 100, kilicho chumbani kinapata 0, na hakuna mwale hata mmoja uliotoboa ukuta. Kosa huzaliwa baadaye, wakati wa kuonyesha picha, kwa sababu kila sehemu iliyo kati ya vitovu viwili hupewa mchanganyiko wa thamani zao:

```
t = (x - xA) / (xB - xA)
mwanga = (1 - t) * A + t * B
```

Tuseme kitovu A kimeangukia sentimita 2 nje ya uso wa ukuta wa upande wa uani. Kitovu B kitakuwa sentimita 23 kutoka uso huo, yaani sentimita 13 ndani ya chumba. Mahali ukuta unapokutana na sakafu kwa ndani ni sentimita 12 kutoka A, kwa hiyo t ni 0.48 na mwanga ni 52. Zaidi ya nusu ya mwanga wa uani inaonekana kwenye msingi wa ukuta ndani ya chumba cha giza, ikififia taratibu hadi kwisha kwenye umbali wa sentimita 13. Sehemu ile ya sakafu imeazima mwanga kwa jirani yake, kwa sababu hesabu ya kuchanganya haijui kwamba kati yao kuna ukuta.

Sasa isogeze gridi ya tekseli sentimita 18 kuelekea uani bila kugusa kitu kingine chochote. Kitovu A kiko sentimita 20 nje, na B kimeangukia chini ya ukuta wenyewe, mahali penye giza totoro. Mstari wa mwanga chumbani umetoweka. Ukitoka uani, hata hivyo, unakuta kwenye msingi wa ukuta, mahali panapopigwa na jua moja kwa moja, mwanga ni 20 tu, na utepe wa kiza wenye upana wa sentimita 20 umelala juani. Je, giza nalo limevuja? Anayeshikilia neno kuvuja hana budi kukubali kwamba limevuja, na kwa ukuta ule ule. Mimi huona jambo hili peke yake linatosha kuonyesha kwamba tunazungumzia ukadiriaji wa thamani kati ya vipimo, wala si upitaji wa mwanga.

Kisa hakijaisha, kwa sababu programu za kuoka hujaribu kusaidia. Kitovu kilicho ndani ya ukuta hurusha miale inayogonga nyuso za ukuta kutokea nyuma, na ikizidi kiwango kinachowekwa na `Backface Tolerance`, tekseli hiyo huhesabiwa kuwa batili na kujazwa thamani za majirani. Jirani mmoja wa B ni A mwenye 100, na mwingine yuko chumbani mwenye 0. Kwa wastani wa kawaida B anapata 50, na kwenye msingi wa ukuta kwa ndani mwanga unakuwa 40. Tiba ya giza la uani imerudisha mwanga chumbani, na utepe sasa una upana wa sentimita 20.

Kwa hesabu hii mtu anaweza kuona kwa nini kuongeza miale hakusaidii. Miale mingi huondoa chengachenga, kwa sababu hukifanya kipimo cha kila kitovu kiwe sahihi zaidi, lakini vipimo vyetu vilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kinachotawala upana wa utepe ni upana wa tekseli ukilinganishwa na unene wa ukuta. Kitovu chenye mwanga huweza kuathiri mpaka umbali wa tekseli moja, hivyo ukuta wenye unene usiopungua tekseli moja huzuia uazimaji huu, mradi tekseli zilizo chini yake hazijajazwa kutoka upande wa nje. Ama unenepeshe ukuta ufike sentimita 25 au zaidi kidogo, ama upandishe msongamano wa tekseli kutoka 4 hadi 10 kwa mita. La pili lina gharama, kwani eneo lile lile litahitaji tekseli mara 6.25. Ukilichagua, lifanye kwa sakafu hiyo peke yake kwa kuweka `Scale In Lightmap` iwe 2.5, badala ya kuitoza ramani ya jengo zima kwa ajili ya ukuta mmoja.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuikata sakafu. Ipasue chini ya ukuta, katikati ya unene wake ambapo mshono hauonekani, kisha kila nusu iwe kipande chake katika ramani ya mwanga na nafasi tupu ya tekseli kadhaa iachwe kati ya vipande. Tangu hapo sakafu ya chumbani haina jirani wa uani wa kumwazima. Tekseli iliyo chini ya ukuta itajazwa kutoka chumbani tu, na sakafu haigharimu kumbukumbu ya maana zaidi ya ilivyokuwa. Mafundi wengi huiruka njia hii kwa sababu bamba moja kubwa ni rahisi kulijenga, na wengine wakikata huminya vipande mno, vikaanza kuazimana upya pembeni mwa ramani. Nafasi isiachwe ndogo, hasa ikiwa ramani itabanwa ili ichukue kumbukumbu kidogo, kwani ubanaji wa kawaida hushughulikia tekseli kwa vitalu vya nne kwa nne.

Hewa, kwa bahati mbaya, haipasuki. Vitu vinavyotembea, na siku hizi hata kuta zenyewe, husoma mwanga kwenye vipima vilivyotawanywa angani, mbinu iliyoelezwa na Greger na wenzake mwaka 1998. Vipima vikiachana kwa mita 1, kimoja kikiwa sentimita 30 nje ya ukuta wetu na cha pili sentimita 60 ndani, uso wa ndani wa ukuta utapata asilimia 60 ya mwanga wake kutoka nje. Hapa mwanga ulioazimwa hujitanda ukutani kama doa pana lisilo na kingo, wala si utepe. Dawa ya kwanza ni kusogeza mahali pa kusomea mbali na uso, kuelekea chumbani. Ukiweka `Normal Bias` sentimita 50, sehemu ya nje hushuka hadi asilimia 10. Katika ujia mwembamba usithubutu, kwani utafika kwenye ukuta wa pili. Dawa iliyo imara zaidi, iliyoelezwa na Majercik na wenzake mwaka 2019, ni kila kipima kuhifadhi pia umbali wa nyuso zinazokizunguka, ili kisipewe uzito pale ambapo kuna ukuta karibu kuliko sehemu inayouliza.

Uvujaji wa kweli upo, nami siukatai. Ukuta uliojengwa kwa bamba moja lisilo na unene, lenye uso upande wa ndani tu, unaweza kupitisha miale inayotoka nje kana kwamba haupo, na hapo `Cast Shadows` ikiwekwa `Two Sided`, au ukuta ukijengwa kama sanduku lililofungwa, tatizo huisha. Tofauti huonekana kwa jicho. Mwanga uliopita kweli hufuata upande wa jua, hukatiza chumba mshazari na kufika mbali. Ulioazimwa hulala sambamba na ukuta na hauvuki tekseli moja au mbili. Ukiwa na shaka, badili `Filter Mode` ya ramani iwe `Point` na utazame: utepe laini ukigeuka vigae vya mraba, au ukitoweka, basi hakuna kilichopita.

Sitegemei mtu aache kusema kuvuja, maana neno limeshazoeleka na mimi mwenyewe hunitoka. Ninaomba tu kwamba, kabla ya kumwambia mwenzako ukuta wake unavuja, umuulize ukuta una unene gani na tekseli ina upana gani. Akijibu sentimita 10 na sentimita 25, mwambie sakafu yake inaazima mwanga kwa jirani, na umwonyeshe pa kuikata.