Kwa Nini Koti la Sufu Husinyaa Hata kwa Maji Baridi

Malalamiko kuhusu makoti ya sufu yaliyoharibika wakati wa kusafishwa yameongezeka, na wengi wanaotufikia husisitiza kwamba walifua kwa maji baridi, kana kwamba maji baridi ni kinga. Si kinga.

Unyoya wa kondoo umefunikwa na magamba madogo yanayoelekea upande mmoja. Ukilowa na kusuguliwa, husogea kuelekea upande wa shina lake na haurudi ulikotoka, hivyo manyoya huzidi kunasana na kitambaa kikabana. Joto na sabuni huharakisha jambo hilo, lakini kinacholitenda hasa ni msuguano.

Kitambaa cha meltoni, yaani sufu nzito ya makoti, hutengenezwa kwa njia hiyo makusudi. Hufumwa kikiwa kipana kuliko kinavyohitajika, kisha hukandwa ndani ya maji ya sabuni hadi kipungue, na uso wake hukatwa sawasawa hata mistari ya ufumaji isionekane. Ndiyo sababu upepo hupenya kwa shida. Twidi, kitambaa kingine cha sufu, hukandwa kidogo kuliko meltoni, na nyuzi zake zenye vinyweleo hushikilia hewa iliyotulia, ambayo ndiyo hasa inayozuia joto la mwili lisitoke. Kiwanda husitisha ukandaji pale kinapotaka, ilhali mashine ya kufulia huuendeleza bila kipimo.

Koti moja la meltoni tulilolikagua lilikuwa na mikono iliyopanda juu ya vifundo vya mikono ya mvaaji, huku bitana ikining'inia chini ya pindo, kwa kuwa bitana ya poliesta haisinyai pamoja na sufu. Kola ilikuwa na malengelenge, maana gundi ya kitambaa cha ndani ilikuwa imeachia. Mwenyewe aliomba ushauri wa pasi. Hakuna pasi inayorekebisha hali hiyo.

Koti halihitaji kufuliwa mara kwa mara. Lipigwe burashi kufuata vinyweleo, litundikwe kwenye kiango kipana, na likinyeshewa likauke mbali na moto. Tope liachwe likauke kwanza, ndipo lipigwe burashi. Doa bichi libonyezwe kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, bila kusugua. Kabla ya kulihifadhi kwa miezi mingi, lisafishwe, kwa sababu viwavi wa nondo hupendelea sufu yenye jasho na mabaki ya chakula.

Kwa usafi kamili, isomwe lebo. Beseni lililokatwa kwa alama ya msalaba maana yake ni kutofua kwa maji. Duara lenye herufi P au F humwelekeza msafishaji dawa anayoruhusiwa kutumia, na mstari chini ya duara humtaka apunguze ukali wa zoezi.

Mlalamikaji alete koti lenyewe, likiwa na lebo yake, pamoja na risiti ya msafishaji. Koti lililokatwa lebo tunalipokea, ila ni vigumu kubaini nani aliyekosea. Na aliyelifua mwenyewe kinyume cha lebo asitarajie kwamba tutamdai muuzaji fidia kwa niaba yake.