Profaili, leveli na fomati ya pikseli: kwa nini VLC inacheza na kivinjari kinakataa

"Leveli ya hiyo video iko juu, ishushe ndio icheze kwa brauza." Hapa Kisumu nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, kwenye saiba na kwa vijana wanaohariri video za harusi na matanga. Basi video inapunguzwa kutoka 1080 hadi 720, maandishi yanaingia ukungu, na Firefox bado inakataa. Mwishowe mwenye video anaambiwa faili lake limeharibika, ilhali kwenye VLC linacheza tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

MP4 ni kontena tu. Ndani yake kuna picha zilizobanwa kwa kodeki, mara nyingi H.264, na kodeki hiyo ina mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Profaili hutaja mbinu zipi za kubana zimeruhusiwa. Leveli hutaja ukubwa wa kazi ambayo kisimbuzi, yaani programu au chipu inayofungua video, kitapewa. Fomati ya pikseli hutaja jinsi mwanga na rangi za kila nukta zilivyohifadhiwa.

Mfikirie fundi cherehani wa Kibuye. Profaili ni mishono anayoijua, leveli ni idadi ya nguo anazoweza kumaliza kwa siku. Ukimpelekea ngozi inayotaka mshono asioujua, kumpunguzia idadi ya nguo hakutamsaidia.

Leveli haipimi ubora. Inapima mzigo, na mzigo huo unahesabika. H.264 hugawanya fremu katika vipande vya nukta 16 kwa 16. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina vipande 120 kwa upana na 68 kwa kimo, jumla 8,160. Kwa fremu 30 kila sekunde hiyo ni vipande 244,800, na leveli 4.0 inaruhusu 245,760, kwa hivyo inatosha kwa shida. Ukirekodi fremu 60 unafika 489,600, na sasa unahitaji leveli 4.2, yenye mwisho wa 522,240. Ndiyo kazi yake kuu. Video nzuri na video mbovu zinaweza kuwa na leveli moja. Na ukiandika `-level 3.1` kwenye FFmpeg, programu ya kubadili video kwa amri, huku fremu ikibaki ya 1080, mzigo haupungui: x264, kibanaji cha H.264 ambacho FFmpeg hukitumia, inakuonya tu kwamba fremu imezidi mpaka wa vipande 3,600, na faili linatoka na lebo isiyosema kweli.

Sasa tazama video inayosumbua kweli. Mtu ana picha za PNG za sherehe ya shule, ameziunganisha kwa FFmpeg, akaweka wimbo, akatoa `sherehe.mp4`. VLC inacheza. Firefox inatoa sauti juu ya uso mweusi, au inaandika "Video can't be played because the file is corrupt". Kabla ya kugusa chochote, liulize faili lenyewe kwa `ffprobe`, inayokuja na FFmpeg:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 \
  -show_entries stream=codec_name,profile,level,pix_fmt \
  -of default=nw=1 sherehe.mp4
```

Jibu linakuja hivi:

```
codec_name=h264
profile=High 4:4:4 Predictive
pix_fmt=yuv444p
level=40
```

Leveli 40 hapo ni 4.0, ya kawaida kabisa. Tatizo liko kwenye mistari miwili ya katikati, na mistari hiyo inakwenda pamoja. PNG huhifadhi rangi kamili kwa kila nukta. FFmpeg isipoambiwa vingine hujaribu kutozipoteza rangi hizo, ikachagua `yuv444p`, ambamo kila nukta ina thamani yake ya mwanga na thamani zake mbili za rangi. Video nyingi tunazozitazama ni `yuv420p`: nukta nne zilizopangwa mbili kwa mbili zina thamani nne za mwanga lakini zinagawana jozi moja ya rangi. Mpangilio wa kwanza huitwa 4:4:4, huu wa pili 4:2:0. Thamani kumi na mbili zimekuwa sita, na jicho halioni tofauti kubwa kwa sababu hulifuatilia giza na mwanga kwa makini kuliko rangi.

Profaili inayoitwa High haina nafasi ya 4:4:4. Kwa hivyo fomati ya pikseli ndiyo iliyolivuta faili hadi High 4:4:4 Predictive, profaili iliyoongezwa mwaka 2007 kwa ajili ya kazi za studio, miaka minne baada ya H.264 kutoka. Ndiyo maana kulazimisha `-profile:v high` peke yake kunagonga ukuta: x264 inajibu "high profile doesn't support 4:4:4" na kusimama.

VLC haina shida kwa sababu imebeba visimbuzi vya FFmpeg ndani yake, vinavyofanya kazi kwa prosesa na kuzijua profaili hizi zote. Firefox kwenye Windows hukabidhi H.264 kwa kisimbuzi cha mfumo, na hicho kinajua profaili za Baseline, Main na High. Simu nyingi hutegemea chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya 4:2:0 ya biti 8. Chrome ya kompyuta nayo imebeba FFmpeg yake, hivyo inaweza kulikubali faili ambalo Firefox imelikataa kwenye mashine ileile. "Inacheza kwa brauza yangu" si ushahidi kwamba itacheza kwa simu ya mzazi aliyeko Ahero.

Kubadilisha jina la faili, au kulipitisha kwa `-c copy`, hakubadilishi kitu, maana picha zilizobanwa zinahamishwa zilivyo. Lazima zibanwe upya:

```
ffmpeg -i sherehe.mp4 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p \
  -c:a copy -movflags +faststart sherehe-wavuti.mp4
```

Ikikataa kwa kusema "width not divisible by 2", upana wa picha ni namba witiri, kwa mfano 1365. 4:4:4 iliuvumilia, lakini 4:2:0 hugawa nukta mbili mbili. Ongeza `-vf "crop=trunc(iw/2)*2:trunc(ih/2)*2"`, utapoteza mstari mmoja wa nukta tu. Ukiuliza `ffprobe` tena utaona `profile=High` na `pix_fmt=yuv420p`, leveli ikiwa palepale 40. Haikuwa na hatia.

Kuna siku leveli ndiyo mkosaji, lakini dalili huwa tofauti. Video ya 1080 yenye fremu 60 kwenye simu ya zamani mara nyingi hufunguka, kisha inakwamakwama na picha kubaki nyuma ya sauti. Hapo kweli punguza fremu au ukubwa. Sauti inayoendelea juu ya uso mweusi tangu sekunde ya kwanza, huku VLC ikicheza vizuri, ikupeleke kwanza kwenye `pix_fmt`.

Kwa hivyo ndugu wa saiba, tafadhali usimwambie mteja kwamba faili limeharibika. Mwambie ni zima, ila limebanwa kwa namna ambayo visimbuzi vingi havikufundishwa. Tena mwambie asilifute akishapata nakala ya wavuti: maandishi mekundu membamba juu ya rangi nyeusi yatakuwa yamefifia kingo kwenye 4:2:0, na rangi zilizoachwa huko haziwezi kurudishwa kutoka kwenye nakala hiyo.