Mteja hajakukatalia, umempa insha aandike

Jumamosi iliyopita, kwenye grupu letu la mafundi wa sola, mwenzetu mmoja aliandika: "Wateja hawana shukrani. Nimemfungia mtu mfumo mzima, kafurahi, nimemwomba ushuhuda, kasema sawa. Leo wiki ya tano, kimya." Wakaja watu kumpa pole. Mmoja akatupia na methali, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, maana yake kuomba kwenyewe ni dalili ya kazi mbovu. Wimbo huu nimeusikia miaka mingi. Safari hii nikamfuata inbox, nikamwambia nitumie huo ujumbe uliomwandikia mteja. Akanitumia:

"Habari bosi. Naomba unipe ushuhuda kuhusu kazi yetu, andika chochote tu. Pia naomba uwe mdhamini wangu kwenye zabuni. Asante."

Ningekuwa mimi huyo mteja, ningekaa kimya wiki kumi.

Tuanze na "mdhamini". Sisi tunaoandika CV tunajua ni mtu wa kupigiwa simu aulizwe habari zako. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akisikia mdhamini anaona mkopo wa benki, au polisi na dhamana. Anajiuliza: huyu kijana akishindwa kurudisha, nitafuatwa mimi? Hawezi kukuuliza hivyo usoni, kwa hiyo anasema "sawa, tutaongea", na ndiyo mwisho. Mimi neno hilo nimeliacha kabisa. Nasema: "Mtu akitaka kujua kazi niliyokufanyia ilikuwaje, nimpe namba yako?" Hapo hakuna wa kuogopa.

"Ushuhuda" nao una kanisa ndani yake. Mtu anadhani anatakiwa asimame aeleze alivyokuwa gizani na sasa anaona nuru, jambo ambalo kwa sola si uongo sana, lakini anaona haya. "Maoni yako kuhusu kazi" inatosha.

Ila neno linaloniudhi kuliko yote ni "chochote". Fundi anadhani amempunguzia mteja mzigo, kumbe amemtwisha gunia zima. Mtu mwenye shughuli zake anapewa karatasi tupu: aanzie wapi, iwe ndefu kiasi gani, nani ataisoma, akikosea Kiswahili je? Anaiweka kiporo mpaka apate nafasi, na nafasi haipatikani. Baada ya wiki mbili anaona aibu kwamba amechelewa, anaanza kukukwepa hata simu. Umepoteza maoni na mteja pia.

Nitoe mfano wangu. Tulifunga mfumo kwenye shule moja ya bweni, wilayani: paneli 8 za wati 550, inverta ya kilowati 5, betri mbili za lithiamu. Kazi yake ilikuwa taa za mabweni, madarasa ya kujisomea usiku na kompyuta za ofisi. Siku ya kukabidhi kila mtu alikuwa anacheka na kupiga picha. Sikuomba kitu. Siku hiyo mteja anafurahia kitu ambacho hajakitumia, na isitoshe nilikuwa bado nadai asilimia 10 ya mwisho. Ukiomba maneno mazuri huku unadai, linageuka biashara: mimi nikusifie, wewe unipunguzie.

Nikasubiri masika. Mwezi wa nne kulikuwa na siku nne za wingu zito, betri zikashuka, mfumo ukajizima saa tisa usiku. Kesho yake tukaenda, tukakuta mtu ameunganisha pasi na hita kwenye laini ya taa. Tukavitenga. Wiki tatu baadaye mhasibu wa shule, mama wa makamo, akanitumia ujumbe mwenyewe: "Mwanangu, mwezi huu hatujanunua dizeli hata lita moja." Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Nilimjibu siku ileile:

"Shikamoo mama. Nimefurahi sana kusikia hivyo. Nina ombi dogo, na ukiona halifai niambie tu, hakuna neno. Naomba unijibu maswali mawili kwa sauti, hata dakika moja inatosha: kabla ya sola, umeme ukikatika usiku mlikuwa mnafanyaje? Na sasa? Nitayaandika vizuri, nikurudishie usome, na sitayatumia popote mpaka uniruhusu. Nataka kuyaweka kwenye ukurasa wetu, kwa jina la shule au bila jina, utakavyopenda."

Angalia sikumuuliza kama kazi yetu ni nzuri. Swali hilo linazaa "nzuri sana, Mungu awabariki", maneno yanayoweza kubandikwa hata kwenye mlango wa kinyozi. Ukimuuliza mtu alikuwa anafanyaje na sasa anafanyaje, anakupa hadithi bila kujua. Voisi ilirudi baada ya nusu saa, sekunde hamsini hivi. Ndani yake kulikuwa na sentensi moja ambayo mimi nisingeweza kuitunga: "Mlinzi alikuwa ananigongea saa sita usiku kuniuliza funguo za stoo ya dizeli, sasa nalala."

Na msipige skrinishoti za meseji za wateja mkazirusha status bila kuwauliza. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, ni utovu wa adabu.

Barua ya mteja ya kuambatisha kwenye zabuni ni kazi nyingine, na usiiombe kwenye ujumbe mmoja na maoni. Kwanza ujue nani anasaini. Mhasibu ndiye aliyenisifia, lakini muhuri uko kwa mkuu wa shule. Nilimuuliza mama njia, akasema atanitangulizia neno. Kisha nikampelekea mkuu rasimu: jina la kazi, kazi zilizofanyika, tarehe ya kuanza na kumaliza, thamani ya mkataba, nafasi ya jina lake, cheo, simu, saini na muhuri. Nikamwambia thamani aifute kama hapendi ionekane. Abaki na kazi ya kusahihisha na kuchapa kwenye karatasi yenye nembo ya shule.

Hapa nina wasiwasi wangu. Kumwandikia mtu barua ya kukusifu wewe mwenyewe kuna harufu kidogo. Kanuni yangu ni kwamba ninajaza yanayothibitika kwenye mkataba, na sehemu ya sifa ninaacha mistari mitatu mitupu. Lakini nakiri kuna wakuu wawili waliniambia "jaza na hapo, kijana, mimi nitasaini", nami nikajaza. Barua zile mbili zinafanana kama pacha, na mtu makini akiziweka pamoja atajua mkono ni mmoja. Sijui dawa yake.

Mkuu huyu hakuwa wa aina hiyo. Kwenye rasimu niliandika kwamba mfumo "unafanya kazi tangu ulipokabidhiwa". Akaikata kwa kalamu nyekundu, kama insha ya mtoto, akaandika pembeni: "Ulizima mara moja mwezi Aprili. Walifika kesho yake, wakaonyesha kosa lilikuwa letu." Nilinuna. Nikafikiria kumwomba aitoe, nikaona haya, nikaipakia hivyohivyo kwenye NeST, mfumo wa zabuni za serikali.

Baadaye mkuu alinipigia kunijulisha kwamba ametafutwa na watu wa zabuni. Hawakumuuliza kuhusu paneli wala inverta. Walitaka kujua siku ile tulifika saa ngapi.