Je, kitendawili kimoja chaweza kubeba sura nzima ya fasihi simulizi?

"Sura ya fasihi simulizi ina tanzu, utendaji na urithishaji. Nitaifupishaje iwe fasili na mifano ya kuandikia insha?"

Usianze kwa kufupisha aya moja moja. Chagua mfano mmoja, uupitishe katika sehemu zote tatu. Mimi huchukua kitendawili.

Fasili ndiyo inayowaangusha wengi. Huandika: "Kitendawili ni semi yenye maana iliyofichika." Sasa futa neno kitendawili, weka methali. Sentensi bado inasimama, kwa hiyo fasili haijakamilika. Fasili nzuri hutaja kwanza kundi, kisha kile ambacho jirani yake hana: kitendawili ni semi fupi inayofumba kitu kwa kutaja sifa zake, kikitegwa kwa hadhira ili ikifumbue. Mfano: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai. Methali kama "Haraka haraka haina baraka" haimdai msikilizaji jibu, na hapo ndipo mpaka ulipo.

Mfano huohuo unakupa utendaji. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!" Wakishindwa kufumbua, huwaambia "Nipeni mji"; akipewa mji anaoutaka, hutoa jibu. Usiishie kuyasimulia haya, sema yanathibitisha nini: hadhira ni sehemu ya utendaji, bila jibu lake kitendawili hakiendelei. Aliyefumbua naye anaweza kutega, fanani na hadhira wakabadilishana nafasi. Sentensi hiyo ya uthibitisho ndiyo inayougeuza mfano kuwa hoja, nayo ndiyo wanafunzi wengi huisahau.

Urithishaji ni mfupi zaidi. "Hupokezanwa kwa mdomo" haitoshi; ongeza matokeo yake, kwamba kwa kuwa hakuna nakala moja inayoshikiliwa, maneno hubadilika kazi ikibaki ileile. Hapa azima mfano kutoka kwenye ngano: kwingine hufunguliwa kwa "Paukwa!" "Pakawa!", kwingine kwa "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Maneno ni tofauti, lakini zote mbili humwita msikilizaji aingie hadithini. Halafu kuna ngomezi, ujumbe unaopelekwa kwa midundo ya ngoma, ambao hautumii mdomo kabisa. Mstari mmoja juu yake utaizuia fasili yako isidai zaidi ya inavyoweza.

Kuhusu idadi ya tanzu, taja unamfuata nani. M. M. Mulokozi, mwaka 1989, alizigawa sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Vitabu vingine huhesabu tofauti, na msahihishaji akikuta sita bila jina la mwainishaji anaweza kudhani umekosea.

Kwenye karatasi ya marudio, kila dhana ipewe mistari mitatu tu: fasili, mfano, na kile ambacho mfano unathibitisha. Mstari wa tatu ukikushinda, badilisha mfano.